"Give up" na "put off": tazama kinachoachiwa, tazama kinachoondolewa

Mtoto akitega kitendawili na wenzake wakashindwa kukitegua, hudai apewe mji. Watampa Mombasa, atakataa. Watampa Tanga, ataenda, atakula wali, kisha ndipo atatoa jibu. Mtoto wa Kiingereza akiwa katika hali hiyohiyo huwauliza wenzake, "Do you give up?", nao hujibu, "We give up." Tumeshindwa, chukua mji.

Nimeanza na kitendawili kwa sababu kinashika kiini cha "give up" kuliko orodha ndefu ya kamusi. Kinachomsumbua mwanafunzi ni kwamba anajua "give" ni toa na "up" ni juu, akiziunganisha anapata "toa juu", na hapo hapati kitu. Aiache hiyo "juu" kabisa. Badala yake ajiulize swali moja: mtu huyu alikuwa ameshika nini, na sasa anakiachia nini? Jibu la swali hilo ndilo litakalochagua kitenzi cha Kiswahili.

Akiwa ameshika kiti kwenye basi, "She gave up her seat for an old man" ni "Alimwachia mzee kiti." Akiwa ameshikilia tabia, "He gave up smoking" ni "Aliacha kuvuta sigara." Akiwa ameshika uhuru wake mwenyewe, yaani anakimbia polisi, "He gave himself up" ni "Alijisalimisha." Akiwa ameshikilia matumaini, "Don't give up hope" ni "Usikate tamaa." Na kitenzi kikisimama peke yake bila kutaja kinachoachiwa, kama walivyosema wale watoto, maana yake ni kushindwa au kukata tamaa, na muktadha utaamua ipi kati ya hizo mbili. Kwenye kitendawili ni kushindwa. Kwa mtu aliyetafuta kazi mwaka mzima ni kukata tamaa.

Lipo umbo moja linalohitaji jicho la ziada, nalo ni "give up on". "His teachers gave up on him" haina maana kwamba walimu walimwachia mtu mwingine mwanafunzi huyo. Walimkatia tamaa. Angalia Kiswahili kilivyofanya kazi hiyo: kile kineno "on" kimeingia ndani ya kitenzi na kuwa "-ia", kutoka kata hadi katia. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuviogopa vineno hivi vidogo. Lugha yake hubadili maana kwenye mkia wa kitenzi, Kiingereza hubadili kwa neno linalofuata.

Tuje kwa "put off", ambayo ni korofi zaidi. Tazama sentensi nne. "They put off the wedding until December": waliahirisha harusi hadi Desemba. "The smell put me off my food": harufu ile ilinikata hamu ya kula. "The shouting put the goalkeeper off": kelele zilimvuruga golikipa. "The conductor put him off the bus": kondakta alimshusha kwenye basi.

Kuahirisha, kukata hamu, kuvuruga, kushusha. Ukizikariri hivyo, kesho mbili zitakuwa zimepotea. Anza na ile ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho: abiria alikuwa ndani ya basi, akatolewa. "Off" ni kuondolewa pale ulipokuwa. Sasa rudi kwa nyingine ukiwa na picha hiyo. Harusi ilikuwa imekaa kwenye tarehe yake, ikaondolewa hapo ikasogezwa mbele. Mimi nilikuwa nimeelekea sahani, harufu ikaniondoa. Golikipa akili yake ilikuwa kwenye mpira, kelele zikamwondoa. Kwa hiyo ukikutana na "put off", uliza ni nani au nini kimeondolewa, na kimeondolewa wapi.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kinachoondolewa kikiwa shughuli au tarehe, jibu ni ahirisha, wala hakuna ubishi. Kikiwa mtu, maana zinagombana, na inabidi usome sentensi ya jirani. "He keeps putting me off" ikitoka kwa mtu anayedai pesa zake ina maana "Kila siku ananipiga kalenda", au ukipenda, ananizungusha. Maneno hayohayo yakitoka kwa mchezaji wa vishale mwenye mwenzake anayekohoa kila anapolenga, maana yake ni "Kila mara ananivuruga."

Hapa yapo makosa mawili ninayokutana nayo sana. La kwanza ni kuchanganya "put off" na "call off". Mechi ikiwa "put off", tunza tiketi yako, itachezwa siku nyingine. Ikiwa "called off", imefutwa. La pili ni la taa. Huku kwetu Afrika Mashariki wengi husema "put off the light", na tunaelewana vizuri tu. Mwingereza wa leo atasema "turn off" au "switch off", na kwenye mtihani au barua rasmi ni salama zaidi kumfuata yeye.

Kosa jingine linatokana na Kiswahili chenyewe. Sisi tuna "ku-" moja inayofanya kazi mbili: "nataka kuvuta" na "kuvuta ni hatari". Kiingereza kimezigawa, na baada ya "give up" na "put off" kinadai umbo la "-ing". Ni "give up smoking", si "give up to smoke". Ni "Don't put off seeing the doctor", si "put off to see". Vilevile kiwakilishi kama "it" au "them" lazima kikae katikati: "put it off", "give it up". Jina kamili lina uhuru wa kukaa katikati au mwishoni, ndiyo maana "put the meeting off" na "put off the meeting" zote ni sahihi. Lakini "give up on" haikatwi: ni "give up on him" tu.

Sasa chukua ujumbe wa ofisini: "The training has been put off again, but don't let that put you off. We haven't given up on it." Ya kwanza, kilichoondolewa ni mafunzo, yaani shughuli: yameahirishwa. Ya pili, kinachoondolewa ni wewe, na hakuna basi wala mpira hapo. Kilichobaki ni hamu. Ya tatu ina "on", kwa hiyo ni kukatia tamaa. Tunapata: "Mafunzo yameahirishwa tena, lakini hilo lisikuvunje moyo. Hatujayakatia tamaa." Nimechagua "kuvunja moyo" badala ya "kukata hamu" kwa kuwa hamu twaiweka zaidi kwenye chakula na starehe, na mafunzo ya kazini si mojawapo.

Unapoandika msamiati kwenye daftari lako, usiandike "put off" peke yake ukaweka maana nne mbele yake. Iandike mara nne, kila moja na kitu chake: harusi, chakula, golikipa, abiria.