Usahihi wa Asilimia 97 Usiokuwepo

Kompyuta inapofundishwa kubashiri, sehemu ya data hufichwa ili iwe mtihani wake. Matokeo yakikaribia ukamilifu, mimi huuliza kwanza: data iligawanywa lini?

Wanatakwimu Hastie, Tibshirani na Friedman walilionyesha tatizo hili kwa data ya kubuni. Sampuli zilikuwa 50 za makundi mawili yaliyolingana, kila moja ikiwa na vipimo 5,000 vilivyozalishwa kibahati, visivyohusiana kabisa na kundi lake. Hapo hakuna cha kujifunza. Atakayebashiri atakosea nusu. Lakini vilichaguliwa kwanza vipimo 100 vilivyoelekea kulingana na makundi, kwa kutazama sampuli zote, ndipo data ikagawanywa na kupimwa. Makosa yakawa asilimia 3 tu!

Kati ya vipimo vingi hivyo, baadhi lazima vifuatane na majibu kwa bahati. Hapa vilifuatana hata na majibu ya mtihani, kwa kuwa sampuli za mtihani zilishiriki katika uchaguzi. Gawa kwanza, kisha chagua kwa data ya mafunzo peke yake, na makosa yatarudi karibu asilimia 50. Kusawazisha vipimo kwa wastani wa data yote huvujisha pia, ingawa kwa kawaida kidogo zaidi.