Kupunguza maelezo ya picha hadi yaenee

Zahanati ina picha ya wauguzi wakipima macho, na inataka kuiweka kwenye mtandao wa X, ambako akaunti ya kawaida inaruhusiwa herufi 280, nafasi zikiwemo. Maelezo yaliyoandikwa ni haya:

“Tunapenda kuwataarifu wananchi wote kwamba kutakuwa na zoezi la upimaji wa macho bila malipo yoyote litakalofanyika siku ya Jumamosi tarehe 14 Juni kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri katika viwanja vya zahanati. Watoto waje na wazazi au walezi wao. Kujiandikisha mapema, tafadhali bonyeza kiungo hiki: https://example.org/macho”

Jumla ni herufi 337. Wengi hukimbilia kukata mwishoni, na mwishoni ndiko iliko linki. Anza mwanzoni. Maneno tisa ya kwanza, hadi “zoezi la”, yamekula herufi 64 bila kumwambia msomaji lolote. Yafute tu, zinabaki 273, na tayari maelezo yameenea. Ukiendelea kupalilia unapata hivi:

“Upimaji wa macho bure: Jumamosi 14 Juni, saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, viwanja vya zahanati. Watoto waje na mzazi au mlezi. Jiandikishe: https://example.org/macho”

Sasa ni 170. Zile 110 zilizobaki zitumie kutaja jina la zahanati na mji, kwa sababu picha ikisambazwa, aliye mbali hatajua ni zahanati ipi.

Kuna maneno yanayoonekana ya ziada kumbe yamebeba habari. Ukiondoa “asubuhi”, mtu anayesoma saa kwa simu yake anaweza kudhani 2:00 ni saa nane mchana, akafika watu wakikaribia kufunga. Na ukifupisha “Watoto waje na mzazi” kuwa “Watoto na wazazi”, mzee asiye na mtoto atajiona hakualikwa. Kila unapokata, soma upya kana kwamba hujui habari yenyewe.

Linki usiiguse. X huhesabu kila linki kuwa herufi 23, iwe na herufi 25 au 200, kwa hiyo kuifupisha hakukuokolei kitu, na kunamficha msomaji anapelekwa tovuti gani. Ukikata hata herufi moja ya mwisho, inaweza kufungua ukurasa usiokuwepo. Acha nafasi kabla na baada yake, kisha ibonyeze mwenyewe kabla ya kuchapisha.

Tangazo hilohilo likienda kwa SMS, hesabu inabadilika: kila herufi ya linki inahesabiwa, na ujumbe mmoja una nafasi 160. Hapo angalia hata alama ya ng'. Ukinakili maandishi kutoka kwenye kompyuta yakiwa na ile alama iliyopinda, kwa kawaida nafasi hushuka hadi 70, na ujumbe mmoja unalipiwa kama miwili au mitatu. Ifute, uiandike upya ikiwa imenyooka.