Kabla Barua Haijaondoka

Barua pepe haina karani wa posta wa kukurudishia bahasha uliyoisahau mezani. Ikishaondoka, imeondoka. Ndiyo maana dakika tatu za mwisho kabla ya kuituma zina thamani kuliko zilizotangulia.

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Section 58, mjini Nakuru, anayemwombea binti yake ufadhili wa karo kutoka ofisi moja ya Mombasa. Ofisi imetaka nyaraka tatu: cheti cha kuzaliwa, barua ya shule ya kumpokea mwanafunzi, na orodha ya karo. Siku ya mwisho ni Ijumaa. Mama ameandika barua yake kwa simu, na amechukua barua aliyomwandikia mfadhili mwingine mwezi uliopita akaibadilisha kidogo.

Aanze na viambatisho, kwa kuwa ndivyo husahaulika zaidi. Sababu yake ni nyepesi: mtu huandika “nimeambatisha” akiwa na nia ya kuambatisha baadaye, kisha maneno yakamdanganya kwamba kazi imekwisha. Ahesabu nyaraka zilizotajwa, ahesabu na zilizomo: tatu kwa tatu. Halafu afungue kila moja kutoka ndani ya barua yenyewe, si kutoka kwenye picha za simu. Hapo ndipo atakapogundua kwamba cheti alichokiweka ni cha mdogo wake, au kwamba picha imekatwa ukingoni na nambari haisomeki.

Kisha yaje majina. Fatuma, Fatma na Fatima kwa masikio yetu ni jina moja. Kwa karani anayelinganisha karatasi mbili ni watu watatu. Ndivyo ilivyo kwa Mohamed na Muhammad. Mama aliweke jina la binti kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na kwa mpangilio uleule wa majina. Ikiwa barua ya shule imeliandika vingine, asinyamaze: aseme kwa sentensi moja kwamba majina hayo mawili ni ya mtoto mmoja.

Jina la anayeandikiwa nalo lisiandikwe kwa kukumbuka. Linakiliwe kutoka chini ya barua ya mwisho ya ofisi hiyo, mahali pa sahihi, pamoja na cheo chake. Aliyejiandika Dkt. asiitwe Bwana, na Sheikh asigeuzwe Ustadh. Jina kama Nuru huitwa mwanamume na mwanamke pia. Mwenye shaka aandike cheo tu, “Mratibu wa Ufadhili”, na adabu itakuwa imetimia. Kwa kuwa barua hii imetokana na nyingine, mama aisome hadi mwisho akilitafuta jina la yule mfadhili wa kwanza. Hilo hujificha katikati, si kwenye salamu.

Anwani iwe ya mwisho kabisa. Iachwe tupu mpaka hayo yote yawe tayari, kwani barua isiyo na anwani haiwezi kuondoka hata kidole kikiteleza. Wakati wa kuijaza, simu hupendekeza majina baada ya herufi mbili tatu, na hapo ndipo mtu humchagua asiyemkusudia. Aguse jina, aone anwani nzima, aisome mpaka baada ya alama ya @.

Jambo hili si la nyumbani peke yake. Tarehe 20 Septemba 2021, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliwaandikia Waafghani 245 waliokuwa wakitafuta kuhamishwa kutoka nchini mwao, ikaweka anwani zao zote kwenye To badala ya Bcc. Kila mmoja akaziona anwani za wenzake, na wengine hata picha zao, ilhali kujulikana kwao kungeweza kuwagharimu maisha. Desemba 2023 wizara hiyo ilitozwa faini ya pauni 350,000. Hivyo basi, katibu wa kikundi cha kina mama anayewaandikia wazazi wengi pamoja awaweke kwenye Bcc, ambako hakuna anayemwona mwenzake.

Na likitokea la kutokea? Gmail huzuia barua kwa sekunde 5 kabla ya kuiachilia. Kwenye kompyuta, katika mipangilio, sehemu ya Undo Send, muda huo unaweza kuongezwa hadi sekunde 30. Zikipita, hakuna kuirudisha. Kilichobaki ni kumwandikia mara moja aliyeipokea kimakosa na kumwomba aifute bila kuifungua, kisha kuituma upya inakostahili, mapema kabla Ijumaa haijaingia.