Anakoroma, Lakini Hajalala

Katika nyumba nyingi za pwani, kuanzia Malindi na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, kuna mama aliyewahi kusimama mlangoni usiku, akamsikia kijana wake anayetumia unga akikoroma, akamshukuru Mungu kwamba leo amelala mapema. Mkoromo wa namna hiyo unaweza kuwa si usingizi hata kidogo. Mtu aliyezidisha heroini hutoa sauti nzito inayokwama kooni, wakati mwingine kama ya mtu anayesukutua maji, na baina ya sauti moja na nyingine hupita kimya kirefu. Asubuhi hukutwa amefariki, na watu wa nyumbani huapa kwamba walimsikia amelala vizuri. Hawasemi uongo. Sauti waliisikia, ila hakuna aliyewahi kuwaeleza maana yake.

Heroini ni ya ukoo wa dawa uitwao opioidi, pamoja na mofini, kodeini, pethidini, tramadoli na methadoni. Zote hufanya kazi kwa kushika vipokezi fulani vilivyo juu ya seli za ubongo na uti wa mgongo. Vipokezi hivyo vimo kwenye njia za maumivu, na ndiyo sababu mofini humpa nafuu mgonjwa wa saratani. Lakini vimo pia kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, ambako kupumua kwetu huendeshwa bila sisi kukufikiria. Shina hilo hupima kabonidayoksaidi iliyo kwenye damu, na ikianza kupanda huamuru kifua kivute hewa. Opioidi ikizidi, kipimo hicho huzubaa. Hewa chafu hurundikana na amri haitoki. Mtu hasikii kukabwa, hatapatapi, haombi msaada. Wakati huohuo misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa nusu, na hapo ndipo mkoromo unapotokea.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama mtu amezidisha aanze na pumzi. Tazama kifua na uhesabu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika. Zikipungua chini ya 10, au zikija moja moja na kukatika katikati, hiyo ni hatari, hata kama mkoromo unasikika kwa nguvu.

Dalili ya pili ni kwamba haamki. Aliye kwenye stimu husinzia, kichwa kikamwangukia kifuani, lakini ukimwita jina lake kwa sauti ataitika au atafumbua macho. Aliyezidisha haitiki. Kunja ngumi, msugue kwa nguvu kwa vifundo vya vidole katikati ya kifua, juu ya mfupa. Maumivu hayo humwamsha yeyote aliyelala. Asiposhtuka, usingizi haupo tena kwenye hesabu.

Ya tatu ni macho. Inua kope umulike kwa tochi ya simu: mboni huwa zimesinyaa hadi kuwa nukta ndogo. Dalili hii husaidia, lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu ubongo ukishakosa oksijeni kwa muda mrefu mboni zinaweza kutanuka.

Ya nne ni rangi, na hapa watu wetu wengi hupotea, kwa kuwa vitabu husema mgonjwa huwa wa bluu. Kwenye ngozi nyeusi bluu hiyo haionekani usoni. Ngozi hufifia tu, ikawa kama ya majivu. Fungua mdomo utazame fizi na ndani ya midomo, kisha kucha na viganja. Pale penye wekundu wa kawaida patakuwa pamegeuka kijivu au zambarau. Ngozi nayo mara nyingi huwa baridi na yenye unyevu.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 28 aliyetoka gerezani jana baada ya miezi sita. Kabla ya kufungwa alikuwa anajidunga kete kadhaa kwa siku, na mwili ulikuwa umezoea. Miezi sita bila unga imeufuta uzoefu huo, lakini mkono wake unakumbuka kipimo cha zamani. Saa 2:00 usiku anajidunga kama alivyokuwa akijidunga, na mapema jioni alikuwa amemeza vidonge viwili vya valiamu. Valiamu, bugizi na pombe navyo hupunguza nguvu ya kupumua kwa njia yao wenyewe, kwa hiyo unga unapoingia unakuta pumzi imeshalegea. Kutoka gerezani, kutoka kituo cha kuacha dawa au kutoka hospitali, kisha kurudi kwenye kipimo cha zamani: huu ni miongoni mwa mitego inayoua zaidi watumiaji wa unga duniani kote.

Saa 2:40 dada yake anasikia mkoromo. Anamwita, haitiki. Anamsugua kifuani, hatikisiki. Anahesabu pumzi 5 kwa dakika nzima. Nyumba inaamka, na kila mtu ana dawa yake: mmoja anataka kummwagia maji ya baridi, mwingine kumnywesha maziwa, mwingine kumpiga makofi. Maji na makofi hayagusi shina la ubongo, na maziwa yataingia kwenye mapafu ya mtu ambaye hawezi kumeza. Jirani anasema apakiwe kwenye bodaboda, katikati ya watu wawili, akimbizwe hospitali. Hilo lina nia njema lakini ni hatari, kwa sababu kichwa kitaning'inia mbele, njia ya hewa itafunga kabisa, na ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Gari liitwe mara moja, lakini pumzi ianze hapohapo sakafuni.

Dada anamlaza chali, anarudisha kichwa nyuma na kuinua kidevu. Tendo hilo peke yake huondoa ulimi njiani. Anabana pua, anafunika mdomo wa kaka yake kwa mdomo wake, anapuliza hadi anapoona kifua kikiinuka. Anapuliza mara mbili, kisha mara moja kila sekunde 5. Kama hakungekuwa na dalili yoyote ya uhai wala mapigo, ingebidi kifua kikandamizwe pia. Kwa mtu ambaye moyo bado unapiga, hewa ndiyo anayoihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Nyumba hii ina bahati. Mwelimishaji rika wa mtaa, anayefanya kazi na watumiaji wa unga, ana naloksoni kwenye mkoba wake. Ni kichupa kidogo cha kioo chenye miligramu 0.4 za dawa ndani ya mililita 1 ya maji. Anaivuta kwa bomba la sindano, na saa 2:45 anaichoma kwenye msuli wa paja, upande wa nje, juu ya nguo. Hahitaji kutafuta mshipa. Ipo pia naloksoni ya kupuliza puani, ambayo hahitaji mtu aliyezoea sindano. Kuinywa hakusaidii, kwa kuwa ini huivunja karibu yote kabla haijafika kwenye ubongo.

Dawa hii ilisajiliwa kama uvumbuzi mwaka 1961 na watafiti Jack Fishman na Mozes Lewenstein huko Marekani, na umbo lake linafanana sana na la mofini. Kufanana huko ndiyo siri yake. Inapofika kwenye ubongo inaingia kwenye vipokezi vilevile, na inavishika kwa nguvu kuliko heroini. Ni kama mtu mwenye mabavu anayemsukuma mwenzake kitini, akakaa yeye, kisha asifanye lolote. Naloksoni haileti stimu wala haizubaishi kitu. Inazuia kiti tu. Shina la ubongo linapoachiwa, linakuta damu imejaa hewa chafu na kutoa amri iliyokuwa imekwama. Saa 2:48 kijana anavuta pumzi ndefu, kisha nyingine. Kama dakika 2 au 3 zingepita bila mabadiliko, angechomwa sindano ya pili, na dada angeendelea kupuliza.

Hapa ndipo familia nyingi hushangaa. Badala ya shukrani, kijana anaamka na hasira, anatetemeka, anatapika, mwili mzima unamuuma. Ni arosto. Naloksoni imewaondoa wote vitini kwa mkupuo mmoja, na mwili uliozoea unga huadhibu papo hapo. Kijana wa mfano wetu, aliyekaa miezi sita bila kutumia, huenda asiumie sana. Anayetumia kila siku anaweza kuumia vibaya. Ndiyo maana wenye ujuzi huanza na kipimo kidogo: lengo ni apumue vizuri, hata kama bado anasinzia. Arosto ni mateso makali, lakini mara chache huua, na mtu asilaumiwe kwa maneno anayoyatoa akiwa ndani yake.

Hatari kubwa zaidi inakuja nyuma ya nafuu hiyo. Nguvu ya naloksoni hudumu kati ya dakika 30 na 90 hivi. Heroini haikutolewa mwilini. Imesukumwa pembeni tu, nayo inaweza kufanya kazi kwa saa kadhaa. Kwa kijana wetu, kuanzia saa 3:15 vipokezi vinaanza kuachwa wazi tena, na kufikia saa 4:15 kinga inaweza kuwa imekwisha kabisa. Anaweza kurudi kwenye mkoromo uleule bila kujidunga tena. Kama alichokunywa ni methadoni, inayokaa mwilini zaidi ya siku nzima, sindano moja haitoshi hata kidogo, na ni lazima alazwe. Nayo valiamu aliyomeza haiguswi na naloksoni, kwa hiyo usingizi fulani utabaki.

Kwa sababu hiyo asiachwe peke yake kwa saa 2 angalau, na mahali panapofaa ni hospitali. Akiwa njiani au anasubiri gari, alazwe kwa ubavu, goti la juu limekunjwa, ili matapishi yatoke nje. Aelezwe waziwazi kwamba kujidunga tena ili kuituliza arosto hakutampa nafuu sasa, kwani vipokezi vimezibwa, lakini baada ya saa moja unga wa zamani na mpya utamkuta kwa pamoja. Mganga naye aambiwe kila alichotumia, saa aliyotumia na saa aliyochomwa naloksoni.

Je, ukikosea? Ukimchoma naloksoni mtu aliyezirai kwa sukari, malaria au pombe, haitamtibu, lakini haitamdhuru pia. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2014 kwamba watu wanaoweza kushuhudia tukio hili wapewe dawa hii na wafundishwe kuitumia. Watu hao ni wenzake wa maskani, ambao leo mara nyingi hukimbia kwa hofu ya polisi, na ni dada aliye chumba cha pili. Nyumba yenye mtu anayetumia unga, au anayetarajiwa kutoka gerezani wiki hii, na iulize leo kwenye kliniki ya methadoni au kwa waelimishaji rika wa eneo lake naloksoni inapatikana wapi, na kila mtu mzima wa nyumba ajifunze kuhesabu pumzi na kupuliza kabla siku hiyo haijafika.