Rasta Kuanzia 35,000, Hadi Ngapi?

Saluni nyingi za Dar es Salaam zina bango lenye maneno kama haya: "Rasta kuanzia 35,000." Mteja akilisoma anaiona bei, mwenye saluni anaona pa kuanzia mazungumzo. Ugomvi unazuka jioni, kichwa kimeshasukwa na hakuna wa kurudi nyuma.

Tuchukue mfano wa dada anayetaka rasta ndogo za kufika kiunoni. Amekuja na rasta za zamani kichwani, na mpya hakununua. Kusuka hadi mabegani ni 35,000. Kufika kiunoni kunaongeza 15,000, kwa sababu kila rasta inachukua muda zaidi kuimalizia. Kufumua za zamani ni 8,000, kuosha na kukausha 7,000. Pakiti sita za rasta kwa 3,500 ni 21,000. Jumla 86,000. Hapa hakuna aliyemwibia mwenzake, kila shilingi ina kazi yake. Ila yeye alibeba elfu 40, kwa kuwa bango halikumwambia kitu kingine.

Dawa ya kwanza ni kufuta neno "kuanzia" na kuandika bei kwa vipimo ambavyo mteja anaweza kuvionyesha kwa kidole mwilini mwake: mabegani, kwapani, katikati ya mgongo, kiunoni. Maneno kama "fupi", "wastani" na "ndefu" hayasaidii, kwa sababu kila mtu ana wastani wake. Chini ya kila bei ya kusuka liandikwe wazi jambo moja, kama pakiti za rasta zimo au hazimo. Ukiniuliza mimi, nitasema zisiwemo. Bei ya pakiti dukani hupanda bila kumwuliza msusi, na wapo wateja wanaopenda kuja na zao. Lakini andika idadi inayohitajika kwa kila urefu, ili anayenunua mwenyewe asiishiwe katikati ya kazi.

Urefu wa rasta ni jambo moja, urefu wa nywele zenyewe ni jingine, na orodha nyingi huvichanganya. Nywele zetu hujikunja. Zikiwa kavu zinaweza kuishia masikioni, ukizivuta zikafika mabegani. Kwenye kuosha, stimu au kutia dawa, ni urefu huo wa kuvutwa unaokula sabuni, dawa na muda. Basi orodha iseme: "Nywele zikivutwa zikapita mabega, ongeza 5,000." Na ule mstari wa "nywele ngumu, ongeza" uondolewe kabisa. Haupimiki, na unamtoza mtu kwa namna alivyoumbwa huku wenzake kwenye viti wakisikia.

Nyongeza nazo zikae mahali pake, kila moja na bei yake: kufumua, kuosha, shanga, kusuka kabla ya saa 1 asubuhi. Kufumua ndiko kunakosahaulika zaidi, ilhali kunaweza kumshika msusi asubuhi nzima. Bei zote ziwe kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania zimezuia kutangaza bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni, na saluni za mitaa ya wageni zinahusika vilevile.

Linabaki suala la anayeweka nafasi asitokee. Rasta ndogo ni kazi ya siku nzima, na msusi anayelipwa kwa kichwa alichosuka hurudi nyumbani mikono mitupu. Arubuni ya 20,000 inatosha, na ikatwe kwenye jumla siku ya kazi. Masharti yawe mafupi: "Ukiahirisha kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia, arubuni yako inahamia tarehe nyingine, mara moja tu. Ukichelewa kutujulisha au usipofika, hairudi. Tukiahirisha sisi, tunakurudishia yote siku hiyohiyo." Kutaja saa na siku ni bora kuliko kuandika "saa 24 kabla", maana hapo mtu analazimika kupiga hesabu, na akikosea mtabishana.

Masharti hayo mteja ayapate kwenye simu kabla hajatuma pesa. Kuyasikia baada ya kulipa ni kutegewa, na ana haki ya kukasirika. Arubuni ikipotea, msusi aliyekaa bure apewe fungu lake, kwani hasara ya siku ile ni yake kwanza.

Mwisho wa orodha weka tarehe: "Bei hizi ni kuanzia tarehe 1 mwezi huu." Ukipandisha bei, chapisha orodha mpya na uing'oe ya zamani ukutani. Aliyekwisha kulipa arubuni asukwe kwa bei aliyoambiwa, hata kama orodha mpya imeshabandikwa.