Entropi, Sehemu ya Tatu: Barafu, Maji na Chokaa

Wiki iliyopita tuliishia pale entropi ilipopata maana inayopimika. Kitu kikipokea joto taratibu, bila purukushani, entropi yake huongezeka kwa kiasi cha joto hilo kilichogawanywa kwa halijoto ya kitu chenyewe, ikihesabiwa kwa kelvini. Leo tunaifuata hesabu hiyo hadi kwenye jedwali lililo mwishoni mwa vitabu vya kemia vya kidato cha tano na sita, lile ambalo wengi hulifungua wakati wa mtihani tu na kulifunga upesi.

Jedwali lina jambo moja linalomshangaza anayelisoma kwa makini. Safu ya joto la uundaji inaipa oksijeni sifuri, na vivyo hivyo hidrojeni, chuma na grafaiti. Safu ya entropi, kando yake, inaipa oksijeni jouli 205 kwa kelvini kwa moli, na hakuna elementi inayopewa sifuri. Sababu ni kwamba safu hizi mbili zimeanzia mahali tofauti. Joto la uundaji halina chini yake halisi, hivyo wanakemia walikubaliana tu kwamba elementi ziwe usawa wa bahari, na kila kitu kingine kipimwe juu au chini ya hapo. Entropi inayo chini yake halisi. Mwaka 1906 Walther Nernst alitoa wazo lililokuja kuwa kanuni ya tatu ya thamodinamiki, na Max Planck akalikamilisha miaka michache baadaye: fuwele iliyopangika kikamilifu, kwenye sifuri ya kelvini, haina entropi yoyote. Kwa hiyo namba ya kila kitu jedwalini imejengwa kutoka huko chini hadi kelvini 298.15, yaani nyuzi 25 za sentigredi, kwa kujumlisha joto lililoingia hatua kwa hatua na kuligawanya kila mara kwa halijoto ya hatua hiyo.

Tuchukue maji. Jedwali linayapa jouli 69.9 kwa kelvini kwa moli. Moli moja ya maji ni gramu 18, kama mikupuo miwili midogo, na namba hiyo ina historia yake ndani.

Ngazi inaanzia kwenye barafu baridi kupita kiasi. William Giauque na J. W. Stout, wakifanya kazi Berkeley, Kalifonia, walichapisha mwaka 1936 vipimo vya joto linalohitajika kuipandisha barafu digrii moja baada ya nyingine, kuanzia karibu na kelvini 15 hadi inapoanza kuyeyuka. Ukijumlisha vipande hivyo vyote unapata barafu iliyo kwenye kelvini 273.15 ikiwa na jouli 41.3 kwa kelvini kwa moli. Ndani ya hizo kuna jouli 3.4 ambazo hazikutokana na joto lililopimwa. Zilikuwamo tangu chini kabisa, kwa sababu hidrojeni za barafu haziketi kwa mpango mmoja hata baridi iwe kali namna gani. Linus Pauling alikuwa amekwisha kuihesabu kasoro hiyo kwa kalamu mwaka mmoja kabla, na vipimo vikamkubalia. Kwa hiyo barafu ya kawaida si ile fuwele kamilifu ya kanuni ya tatu, na waandaaji wa majedwali wanalijua hilo na wamelihesabia.

Hapo tumefika kwenye kidato cha ngazi kilicho kipana kuliko vyote. Barafu kwenye nyuzi 0 za sentigredi inapokea joto lakini haipandi hata chembe ya digrii. Joto lote linatumika kuvunja mshikamano wa molekuli, na kipimajoto kinabaki palepale hadi kipande cha mwisho kiishe. Hili ndilo linaloifanya hesabu iwe rahisi ajabu. Katika hatua nyingine zote halijoto inabadilika wakati joto likiingia, hivyo mtu hana budi kukata safari vipande vidogo vidogo na kuvijumlisha. Hapa kigawanyo ni kimoja mwanzo hadi mwisho. Moli moja ya barafu hudai jouli 6,010 ili iyeyuke. Gawanya kwa 273.15, unapata 22.0. Hiyo ndiyo entropi ya kuyeyuka ya barafu kwenye kiwango chake cha kuyeyuka.

Makosa mawili hutokea hapa, na yote hujionyesha yenyewe. Anayesahau kelvini na kuandika nyuzi 0 anajikuta anagawanya kwa sifuri. Anayechukua joto kwa kilojouli, 6.01, bila kulibadilisha anapata 0.022, na akiiweka namba hiyo pamoja na namba za jedwali zilizo kwenye jouli, kuyeyuka kote kunapotea kama hakukuwapo.

Maji sasa yana 41.3 na 22.0, jumla 63.3. Zimebaki nyuzi 25 kufika kwenye halijoto ya jedwali. Kila moli ya maji hudai jouli 75.3 kwa kila digrii, na kwa kuwa halijoto inapanda, tunazidisha 75.3 kwa logi asilia ya 298.15 gawanya kwa 273.15. Jibu ni 6.6. Ongeza kwenye 63.3, unapata 69.9, namba ileile tuliyoikuta jedwalini. Anayefundisha kuyeyuka kwa barafu kama swali moja na jedwali la entropi kama swali lingine lisilohusiana nalo, kwa maoni yangu, anawanyima wanafunzi kitu kizuri, maana karibu theluthi moja ya namba ya maji ni ile barafu iliyoyeyuka.

Kabla hatujaondoka kwenye barafu, lipo swali la haki: ikiwa kuyeyuka kunaongeza entropi daima, kwa nini maji huganda? Ni kwa sababu lazima tuhesabu na mazingira. Barafu iliyo kwenye nyuzi 0 ikiachwa chumbani penye nyuzi 30, chumba kinatoa zile jouli 6,010 kikiwa kwenye kelvini 303.15, hivyo kinapoteza 19.8. Barafu inapata 22.0. Jumla imeongezeka kwa 2.2, na barafu itayeyuka. Yaweke maji ya nyuzi 0 ndani ya friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, joto lilelile linapokelewa na mazingira yaliyo kwenye kelvini 255.15, yanayopata 23.6. Maji yanapoteza 22.0. Jumla imeongezeka kwa 1.6, safari hii kwa upande wa kuganda. Mazingira yakiwa na nyuzi 0 kamili, faida na hasara zinalingana, na barafu na maji hukaa pamoja bila mmoja kumla mwenzake. Kiwango cha kuyeyuka ni hapo.

Sasa mmenyuko. Katika mwambao wetu mawe ya matumbawe yamechomwa kwa karne nyingi kupata chokaa ya kujengea, na kinachotoka kwenye moto ni kalsiamu oksaidi, kitu kikavu chenye kiu. Ukikimwagia maji kinafoka, kinatoa mvuke na kuumuka kuwa unga mweupe. Fundi huita kazi hiyo kuzima chokaa. Kwa kemia ni hivi:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Kanuni ya jedwali ni kutoa tu: jumla ya entropi za vilivyotokea, toa jumla ya entropi za vilivyoingia, kila moja ikiwa imezidishwa kwanza kwa idadi ya moli zake katika mlinganyo. Hapa kila kitu ni moli moja. Chokaa iliyozimwa ina 83.4. Kalsiamu oksaidi ina 39.8, na maji yana 69.9 yetu, jumla 109.7. Tofauti ni 26.3 chini ya sifuri. Vitabu vingine huipa kalsiamu oksaidi 38.1, na jibu huwa 24.6 chini ya sifuri. Usiogope tofauti hiyo, ila usichanganye namba za majedwali mawili katika hesabu moja.

Tazama kilichotokea kwa maji. Toa 39.8 kwenye 83.4, inabaki 43.6. Hicho ndicho kiasi ambacho maji yameongeza ndani ya unga ule, na kinakaribiana mno na 41.3 ya barafu. Chokaa imeyashika maji kwa mpango wa yabisi, kana kwamba imeyagandisha, ingawa ndoo inaunguza mkono. Ni njia nzuri ya kukagua jibu: popote maji ya kimiminika yanapofungwa ndani ya yabisi, tegemea kupoteza kitu cha jirani na 22 hadi 30 kwa kila moli ya maji. Ukipata 200, rudi ukague ishara zako.

Basi kwa nini chokaa inazimika kwa nguvu namna ile wakati entropi yake inapungua? Jibu ni lile la friza. Mmenyuko hutoa kilojouli 65.2 kwa moli, na mazingira ya nyuzi 25 yakizipokea yanapata jouli 65,200 gawanya kwa 298.15, yaani 219. Toa 26, jumla imepanda kwa 193. Ukilinganisha na ile 1.6 ya maji kwenye friza utaelewa kwa nini kazi hii haihitaji kubembelezwa.

Kuchoma jiwe ni kinyume chake. Kalsiamu kaboneti yenye 92.9 inavunjika kuwa kalsiamu oksaidi yenye 39.8 na hewa ukaa yenye 213.7, na tofauti ni 160.6 juu ya sifuri, karibu yote ikitoka kwenye gesi iliyoachiwa. Hata hivyo mmenyuko unadai kilojouli 178.3, na kwa nyuzi 25 mazingira yangepoteza 598 kuzitoa. Ndiyo maana jiwe halivunjiki juani. Ugawe 178,300 kwa 160.6 kama tulivyofanya na barafu, ila sasa unachotafuta ni halijoto: kelvini 1,110, yaani nyuzi 837.

Ukipima kwa kweli, hewa ukaa hufikia mgandamizo wa angahewa moja karibu na nyuzi 900. Hesabu imekosea kwa nyuzi sitini hivi, na kosa linatoka jedwalini. Namba zote zilikuwa za nyuzi 25, tukazitumia kwenye moto bila kuongeza vipande vya katikati kama tulivyoyaongezea maji yale 6.6. Kutoka 0 hadi 25 kipande kilikuwa kidogo. Kutoka 25 hadi 900 hakipuuziki. Pia anayechoma matumbawe mabichi anachoma aragonaiti, umbo jingine la kalsiamu kaboneti lenye 88.7, siyo kalsaiti niliyoihesabu. Tofauti ya jibu ni takriban jouli nne, na ukiandika 92.9 bila kutaja ni fuwele ipi, msomaji hatajua umehesabu jiwe gani.