Mdhamini wa kortini si mdhamini wa amana: Neno lilivyokaribia kuponza urithi wa watoto

MAJUZI nilipita Kariandusi, karibu na Gilgil, kumjulia hali mwalimu mmoja mstaafu niliyemfunza chuoni miaka mingi iliyopita. Ni mjane. Ana ekari nne na vyumba vitatu vya duka ambavyo humletea kodi ya Sh24,000 kwa mwezi. Binti yake ana miaka 14. Kifungua mimba ana miaka 19, lakini kwa sababu ya ulemavu aliozaliwa nao hawezi kusimamia pesa.

Mwalimu alitaka mali hiyo iwatunze watoto hata asipokuwepo. Wakili akamwambia atafute wadhamini. Alipomwendea nduguye, huyo mdogo wake alikataa katakata.

“Dada, mimi nilimdhamini mtu kortini akatoroka, nikalipa faini yake hadi ng’ombe wakaisha. Sitaki kusikia mambo ya udhamini tena,” akasema mbele yangu.

Sikumlaumu. Kosa ni la neno. Dhamana na amana zote zimetoka Kiarabu, ila maana zinapishana. Anayetoa dhamana huweka mali yake mwenyewe rehani kwa ajili ya mwingine. Anayeshika amana hushika mali ya mwingine, yake haiguswi. Mafakihi wa Kiislamu walitofautisha zamani mkono wa dhamana na mkono wa amana: wa kwanza hulipa hasara iwayo yote, wa pili hulipa tu akizembea au akivuka mipaka aliyowekewa. Sheria zetu zinapotafsiriwa, watu hao wawili hupewa jina moja, mdhamini. Mimi ningependelea kumwita huyu wa pili mshika amana.

Basi nilimweleza hivi. Dada yako ndiye mweka amana: anatoa mali na kuandika masharti katika hati. Wewe na mwenzako mtakuwa washika amana: majina yenu ndiyo yatakayokuwa kwenye hatimiliki, lakini faida si yenu. Watoto ndio wanufaika. Kodi itaingia katika akaunti ya amana, si yako, hata kwa siku moja. Kutoka humo mtalipa karo ya binti na matunzo ya kaka yake, na kila shilingi iandikwe, kwa kuwa mnufaika ana haki ya kudai hesabu. Duka likiungua bila uzembe wako, hulipi. Ukijiuzia ekari moja kwa bei ya kutupa, utairudisha.

“Na nikisaini, shamba bado ni langu?” Mwalimu akauliza.

Hapo ndipo wengi hukwama. Jibu ni la, isipokuwa hati imempa uwezo wa kuibatilisha amana. Wapo wanaosaini hati ya amana, wakaifungia kabatini, na shamba likabaki kwa jina lao. Amana hiyo ni kapu tupu. Njia ya kujua ni rahisi: fanya sachi katika masjala ya ardhi, uone jina la nani limo. Aidha, angalia kama limeandikwa kuwa mwenye jina anashika ardhi kwa nafasi ya mdhamini. Masharti yenyewe ya amana hayaandikwi kwenye rejista. Maneno hayo machache yakikosekana, mnunuzi atamwona mshika amana kuwa ndiye mwenye mali. Njia nyingine ni kuwasajili wadhamini chini ya Sheria ya Wadhamini (Urithi wa Kudumu), ambayo tangu marekebisho ya 2021 inaitambua waziwazi amana ya familia. Hapo hatimiliki huandikwa kwa jina la shirika, na mdhamini akifa haibadilishwi.

Je, asipofanya lolote? Akifa bila wosia, Sheria ya Urithi, Kifungu cha 41, itaweka fungu la binti katika amana hadi atimize miaka 18. Kifungu cha 58 hakiruhusu msimamizi mmoja pekee katika hali hiyo, ila awe Mdhamini wa Umma au shirika la udhamini. Wasizidi wanne pia. Ni kinga nzuri, nami naiunga mkono. Hata hivyo, kinga hiyo inapima umri tu. Kijana wa miaka 19 kwa hesabu hiyo ni mtu mzima, na fungu lake litaandikwa kwa jina lake, tayari kwa dalali wa kwanza atakayebisha hodi.

Ndiyo maana hati ya mwalimu inasema amana ya kijana itadumu maisha yake yote, na kitakachosalia kimwendee dadake. Binti atapata lake akifika 25.

Mjomba mtu alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, “Na huyo wa pili tutakayeshika naye ni nani?”